Mkupuo wangu unaishia kwa mwanangu

*Shangazi, mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 62, niko Morogoro. Pensheni yangu ni 380,000 kwa mwezi, matumizi yanafika 650,000, pengo naliziba kwa mkupuo. Umebaki milioni 19. Mwanangu wa kwanza, ana miaka 34, ameshanikopa milioni 12 kwa vipindi. Machi alinirudishia laki tano, Aprili akachukua milioni moja na nusu. Sasa anataka milioni 7 anunue bajaji. Nikikataa anasema simpendi kama wadogo zake. Nifanyeje?*

Dada yangu, chukua kalamu tupige hesabu kabla hatujafika kwenye mapenzi. Kila mwezi unachota 270,000 kwenye akiba. Tukiacha faida na bei za vitu zinavyopanda, milioni 19 zitakufikisha karibu na miaka 68. Ukitoa hizo milioni 7, zitakuishia hujafika 66. Pensheni itaendelea kuingia, lakini mkupuo hulipwa mara moja tu, na ni huo uliokuwa unaziba pengo la chakula na dawa. Andika miaka hiyo miwili kwenye karatasi, 68 na 66. Mwanao anajua bei ya bajaji. Nadhani hajawahi kuoneshwa namba hizi.

Kuhusu laki tano za Machi, nakuomba usizihesabu kama marejesho. Zilifungua mlango wa milioni na nusu ya Aprili, kwa hiyo ulilipwa kwa fedha zako mwenyewe. Ukiona deni dogo linalipwa haraka, kisha ombi linalofuata ni kubwa maradufu na lina dharura ndani yake, ujue umekuwa benki isiyo na masharti. Nasema hivyo bila kumwita mwanao tapeli. Wengi wanaofanya hivi wanaamini kabisa kwamba safari hii watalipa.

Bajaji yenyewe si wazo baya, ila haihitaji milioni zako. Wapo wenye bajaji wanaozitoa kwa mkataba: dereva anapeleka hesabu ya kila siku, na muda waliokubaliana ukiisha chombo kinakuwa chake. Aanzie hapo. Akiweza kupeleka hesabu kwa mtu baki miezi sita bila kukosa, utajua biashara anaiweza. Akishindwa, ungekuwa umeshazipoteza milioni 7.

Kuna jambo jingine la kuliogopa zaidi. Ukimnyima akiba, huenda akakushauri uchukue mkopo wa wastaafu benki. Usikubali. Makato yake hukatwa kwenye pensheni kabla haijakufikia mkononi, kwa hiyo utakuwa umegusa kitu pekee ambacho kisingeisha. Vivyo hivyo usimdhamini popote, na hati ya nyumba isitoke kabatini.

Wiki hii hii, kabla hajaja, toa fedha kwenye akaunti unayoifikia kwa simu. Bakiza kama milioni 3 za ugonjwa na dharura. Nyingine peleka mahali penye mlango mzito kidogo: amana ya muda maalumu benki, au vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, ambako ukiomba fedha zako unasubiri siku kadhaa. Siku hizo ndizo kinga yako, kwa sababu ombi la saa nne usiku halisubiri siku kadhaa. Hatifungani za serikali za miaka 20 nazo hulipa riba kila miezi sita, lakini kwa umri wako na pengo ulilonalo, mimi nisingefungia sehemu kubwa humo.

Unataka bado umsaidie, nalijua hilo, ni mwanao wa kwanza. Hata 50,000 tu kwa mwezi zitakupunguzia karibu mwaka mzima wa akiba. Kwa hiyo weka kiwango ambacho umekipata kwa kubana matumizi yako, na ikiwezekana kilipe jambo lenyewe moja kwa moja. Kama mjukuu anadaiwa ada, lipa shuleni.

Akija, mwandalie chai kwanza. Mwoneshe karatasi, kisha mwambie: "Mwanangu, fedha ya kukopesha imekwisha. Iliyobaki ni chakula changu na dawa zangu." Usieleze zaidi ya hapo, maana kila sababu utakayotoa ataitafutia jibu. Akitaja wadogo zake, mjibu kwamba nao ukiwakopesha, ni wao wote pamoja naye watakaochangishana kukulisha ukifika 66. Zile milioni 12 ziandikeni daftarini, aanze na 50,000 kwa mwezi, na asaini. Ataondoka amenuna, pengine hatapiga simu wiki mbili. Usimtumie fedha ya kumbembeleza. Mpigie wewe, umuulize watoto wanaendeleaje.