Shingo Kwanza, Rangi Baadaye: Ndege Warefu wa Majarubani

Anayeanza kuhesabu ndege kwenye majaruba ya Mbarali au kando ya bwawa la Mtera hukimbilia rangi, na rangi ndiyo inayompoteza. Kila mweupe anaandikwa yangeyange, kila mrefu anaandikwa korongo, na mwisho wa siku daftari lina majina mawili tu. Makundi yenyewe ni manne. Kuna kulastara, yaani wale warefu wa kijivu, kahawia au zambarau wanaovizia samaki kwa kusimama kimya. Kuna yangeyange, ambao kimsingi ni kulastara weupe, ukoo ule ule. Kuna makorongo, na kuna kwarara. Anza na shingo ya ndege akiwa hewani, kisha mdomo. Rangi ije mwisho.

Kwa nini hewani? Kwa sababu aliyesimama hudanganya. Kulastara akishtuka hunyoosha shingo kama fimbo, na korongo akipumzika huizamisha mabegani mpaka ukadhani hana shingo kabisa. Wakiruka mambo hubadilika. Kulastara na yangeyange huikunja shingo kwa umbo la herufi S na kukiweka kichwa karibu na mabega, hivyo chini ya koo hutokeza uvimbe kama tumbo la mtungi. Mkunjo huo umo kwenye mifupa yenyewe: pingili ya sita ya shingo ni ndefu kuliko jirani zake na inaungana nao kwa pembe. Ndiyo inayomwezesha kurusha kichwa ghafla kama mkuki anapochoma samaki. Makorongo na kwarara huruka shingo imenyooka mbele na miguu imenyooka nyuma.

Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni wa muda: kulastara aliyeshtuliwa huondoka shingo ikiwa bado imenyooka, na akihama kutoka tuta hadi tuta anaweza asiikunje kabisa. Usiandike kitu mpaka apige mabawa mara kumi hivi na kutulia. Wa pili ni marabu, korongo mwenye kipara na mfuko shingoni. Yeye ni korongo kamili lakini huikunja shingo kama kulastara. Asikusumbue: ni mkubwa mno, mdomo wake mnene unaonekana kwa mbali, na huzunguka juu sana pamoja na tai bila kupiga mabawa. Kulastara hafanyi hivyo. Mabawa ya kulastara yamepinda kuelekea chini kama mwamvuli, naye huyapiga polepole, bila haraka, moja kwa moja hadi anakokwenda.

Mwendo huo wa mabawa ndio unaotenganisha pia makorongo na kwarara, maana wote shingo zao zimenyooka. Korongo ana mabawa mapana yaliyo bapa, ncha zake zimeachana kama vidole, na jua likishapasha ardhi joto anapanda kwa kuzunguka na hewa ya moto. Kwarara ni mdogo zaidi. Hupiga mabawa kwa haraka mara kadhaa, huteleza kidogo, kisha hupiga tena, na kundi lao mara nyingi hupanga mstari au umbo la V.

Wakishatua, tazama mdomo. Wa kulastara umenyooka na kuchongoka kama mkuki. Wa kwarara umepinda tangu shinani hadi nchani kama mundu, na kazi yake ni kupekecha tope. Ndiyo maana kwarara hatulii, anatembea akidonoa muda wote. Korongo mdomo njano huwachanganya wengi hapa, kwa sababu mdomo wake nao umeinama, lakini ni mnene na unainama karibu na ncha tu. Utamwona ameutumbukiza majini ukiwa wazi, akikoroga tope kwa mguu mmoja, akingoja samaki auguse ndipo aufunge.

Tuchukue mfano. Ni mwezi wa Januari, saa kumi jioni, mpunga wa Ubaruku umeshapandikizwa, na ndege wanane weupe wenye weusi mabawani wanakuja juu ya mfereji. Shingo zimenyooka. Basi yangeyange ametoka, na hata bila shingo angetoka, kwa kuwa yangeyange hana weusi bawani. Sasa angalia weusi umekaa wapi. Ukiwa ni ukingo mwembamba nyuma ya bawa na kichwa chote pamoja na shingo ni vyeusi, huyo ni kwarara mweupe. Ukiwa umejaza nusu yote ya nyuma ya bawa, ni korongo, na swali linahamia mkiani. Mkia mweusi ni korongo mdomo njano. Mkia mweupe ni korongo mweupe anayetoka Ulaya, ambaye huwa huku kati ya Novemba na Machi. Wale wanane wakipita jua likiwa nyuma yao, mkia hauonekani. Hama upande, au andika «korongo, hajulikani aina». Kubahatisha hapo ndiko kunakoharibu hesabu.

Yangeyange wenyewe kwa wenyewe hawatenganishwi na shingo hewani, hapo rudi kwenye mdomo na miguu. Yule anayefuata ng'ombe na pawatila ana mdomo mfupi wa njano, na manyoya ya kidevuni yamejaa kama taya lililovimba. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano, kama aliyekanyaga rangi. Akisimama kwenye tope vidole havionekani, subiri aruke. Yangeyange mkubwa hufika karibu mita moja. Rangi ya mdomo wake haiaminiki, kwa kuwa ni wa njano na huwa mweusi wakati wa kuzaliana. Kinachoaminika ni mstari wa kinywa: kwake unapita nyuma ya jicho, kwa yangeyange wa kati unaishia chini ya jicho. Kwa hilo unahitaji darubini na ndege aliye karibu. Ukubwa peke yake juu ya maji hauna kipimo, isipokuwa wawili wamesimama pamoja.

Kuna mmoja majarubani anayewafanya watu waamini wameota. Ni kulastara mdogo wa rangi ya majani makavu, amejikunyata kando ya tuta, huna habari naye. Akiruka anageuka mweupe kabisa, kwa kuwa mabawa na mkia wake ni vyeupe na mgongo wa kahawia huonekana kwa shida. Wageni humwandika yangeyange. Mfuate kwa macho hadi atue: akifunga mabawa weupe unapotea.

Neno moja kuhusu jina. Korongo taji, mwenye taji la dhahabu, naye yuko Usangu na huruka shingo imenyooka, lakini si wa makundi haya, ni ukoo mwingine kabisa. Usimchanganye kwenye safu ya makorongo kwa sababu ya jina.

Na yule korongo mweusi anayekula konokono majarubani, ambaye kila mtu anafundishwa kumtambua kwa mwanya katikati ya mdomo: mwanya huo ni wa mkubwa tu. Kinda lake lina mdomo ulionyooka. Ukikuta korongo mweusi asiye na mwanya katikati ya kundi lenye mwanya, tazama kwanza anachookota kabla ya kutafuta jina jipya.