Kugeuza mazungumzo ya wasapu kuwa pendekezo rasmi la ushirikiano

"Wakuu, mimi ni mpiga picha na nina rafiki anayepamba kumbi. Kwa muda sasa tunaandikiana wasapu kwamba tutumiane wateja, tuwe na ofa ya pamoja, tugawane faida na tupostiane kwenye kurasa zetu. Ameniambia nimwandikie kitu rasmi akisome na mumewe kabla hatujaanza. Naanzia wapi?"

Mkuu, usianze na historia ya biashara yako. Anza na meseji zenyewe. Rudi juu kwenye mazungumzo yenu, toa kila wazo na uliweke kwenye karatasi kwa maneno yaleyale mliyotumia. Mimi nachapa kadi za mialiko na nashirikiana na wapambaji, na kila pendekezo ninaloandika linaanzia hapo. Kisha kila wazo liulize: nani anafanya, anafanya nini hasa, kwa kipimo gani, na isipofanyika inakuwaje? Majibu ya maswali hayo ndiyo pendekezo lako.

Chukua "tutumiane wateja". Kwenye simu mnaelewana vizuri kabisa. Shida huja pale unapomtuma bibi harusi kwa rafiki yako, naye anajibu kwamba huyo alishaona ukurasa wake mapema. Nani amemleta? Kwa hiyo iandike hivi: "Mteja atahesabiwa ametumwa iwapo jina lake limetumwa kwa ujumbe wa maandishi kabla hajawasiliana mwenyewe na upande wa pili, na akaweka oda ndani ya siku 60." Ujumbe ule wa maandishi unakuwa ushahidi wenu. Ongeza kwamba namba ya mteja haitumwi kwa mwenzako mpaka mteja mwenyewe akubali.

Sasa "tugawane faida", na hapa nakuomba utulie. Faida ni kile kinachobaki baada ya gharama, kwa hiyo ukiahidi sehemu ya faida unampa mwenzako haki ya kuuliza umelipa msaidizi kiasi gani na kwa nini umenunua lenzi mwezi huu. Kuna jambo zito zaidi la kisheria. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, ambayo misingi yake imeingia kwenye sheria za nchi nyingi, inachukulia kupokea sehemu ya faida kuwa dalili ya ubia, na wabia hubeba madeni ya biashara kwa pamoja. Sheria hiyohiyo inasema kugawana mapato ghafi, yaani fedha iliyoingia kabla ya kutoa gharama, peke yake hakuwafanyi watu kuwa wabia. Mume wa rafiki yako akiwa msomaji makini, hilo ndilo atakalolitafuta.

Kwa hiyo neno "faida" liondoe kabisa, weka kamisheni: "asilimia 10 ya bei ya huduma aliyolipa mteja aliyetumwa, bila kuhesabu usafiri na vifaa vya kukodi, italipwa ndani ya siku 7 baada ya mteja kumaliza kulipa. Mteja akirudishiwa fedha, kamisheni yake itakatwa kwenye malipo yanayofuata." Asilimia 10 ni mfano tu. Ninachosisitiza ni kwamba kamisheni itokane na bei iliyolipwa, kwa sababu risiti inatosha kuithibitisha na hakuna atakayehitaji kufungua daftari la mwenzake.

Ofa ya pamoja nayo ina hesabu inayojificha. Tuseme mapambo ni 60 na picha ni 40, jumla 100, na mnataka kumpunguzia mteja 10. Mkikatana nusu kwa nusu, yeye anapata 55 na wewe 35. Inaonekana haki, lakini wewe umeachia sehemu moja ya nane ya bei yako na yeye sehemu moja ya kumi na mbili. Mkikata kila mmoja asilimia 10 ya bei yake, yeye anapata 54 na wewe 36, na uzito ni sawa kwa wote. Mimi nachagua hii ya pili, na jedwali lake dogo naliweka ndani ya pendekezo ili msomaji aone namba badala ya kuzikisia. Andika pia kwamba wateja wa ofa hawalipiwi kamisheni, la sivyo mmoja wenu atakatwa mara mbili kwa kazi moja.

Halafu nani anapokea fedha? Njia safi ni kila mmoja kumtoza mteja sehemu yake na kutoa risiti yake. Mteja akitaka kulipa mahali pamoja, taja nani anapokea, na kwamba sehemu ya mwenzake, ikiwemo ya malipo ya awali, inapelekwa ndani ya siku 2.

Kupostiana hakuhitaji maneno mengi. Posti moja kwa wiki kila upande, picha zenye mapambo yake aruhusiwe kuzitumia kwa kutaja jina la studio yako, na mteja awe ameridhia picha zake kuonekana hadharani.

Baada ya hapo ndipo uandike aya ya kwanza. Iwe na kiini chote, kwa sababu mume wake hakuwepo kwenye mazungumzo yenu:

"Napendekeza studio yangu ya picha na biashara yako ya mapambo zitumiane wateja na kutoa ofa moja ya pamoja, kwa majaribio ya siku 90. Kila mmoja atabaki na biashara yake, bei zake na madeni yake. Kamisheni, mgawanyo wa ofa na namna ya kusitisha vimeelezwa hapa chini."

Sentensi kama "tunaamini ushirikiano huu utaleta mafanikio makubwa" zifute. Hazimwambii atatoa nini wala atapata nini.

Kuna mambo ambayo kwenye wasapu hayagusiwi kabisa, nayo lazima uyalete wewe. Mmoja akitaka kujitoa, atoe taarifa ya siku 14, na oda zilizokwisha kulipiwa malipo ya awali zikamilishwe kwa masharti ya zamani. Mmoja akishindwa kufika kwenye shughuli, amjulishe nani, na fedha ya mteja anairudisha nani? Mimi huandika kwamba kila upande unawajibika kwa huduma yake mwenyewe, na mteja anaambiwa hivyo tangu siku ya kuweka oda.

Pale ambapo hamkukubaliana kitu, usimjazie rafiki yako jibu. Kama hamkuwahi kutaja asilimia, andika "napendekeza asilimia 10, tujadili". Akikuta kwenye karatasi rasmi kitu ambacho hakukisema, ataanza kutilia shaka hata yale aliyoyasema.

Kurasa mbili zinatosha. Mwishoni weka mstari huu: "Hili ni pendekezo kwa ajili ya majadiliano, halimfungi yeyote hadi makubaliano yatakaposainiwa." Mtumie kama PDF, taja tarehe ambayo ungependa kupata jibu, na umwombe aandike maoni yake pembeni ya kila kipengele. Mkishasawazisha yaliyobaki, vipengele hivyohivyo vihamishiwe kwenye makubaliano ya kusaini. Kama mmeamua mmoja ashike fedha za wote wawili, mpeni mwanasheria ayasome kabla ya kusaini.