Jibu la mwongozo si matini chanzi

Swali: Ninafundisha Kiswahili kidato cha sita na nimewapa wanafunzi 46 zoezi la kutafsiri kwenda Kiingereza: "Neema alifiwa na shangazi yake juzi. Hajarudi kazini. Jirani yake alimkuta saa mbili asubuhi amekaa barazani, akamwambia, 'Pole.' Neema alikitazama kiti cha marehemu, asiseme neno." Mwongozo wangu una jibu moja tu. Wapo walioandika tofauti nami naona wako sawa, na wapo wenye Kiingereza kizuri sana ambao sina hakika nao. Nisahihisheje bila kumwonea wala kumpendelea mtu?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, uweke mwongozo kando kwa muda na uisome matini chanzi peke yake, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotafsiriwa. Jibu la mwongozo ni tafsiri ya mtu mmoja aliyefanya uchaguzi wake siku moja, na baadhi ya chaguzi hizo Kiswahili hakikumlazimisha kuzifanya. Kabla hujafungua daftari hata moja, pitia kila sentensi na uandike mambo mawili: yale ambayo Kiswahili kimeyafunga, ambayo mwanafunzi hana ruhusa ya kuyabadili, na yale ambayo Kiswahili kimeyaacha wazi, ambayo Kiingereza kitamlazimu achague.

Chukua "jirani yake". Kiswahili hakisemi kama jirani huyo ni mwanamume au mwanamke. Kiambishi cha nafsi katika "akamwambia" hakibagui jinsia. Kiingereza kinadai mtu achague. Ikiwa mwongozo wako umeandika "he told her" na mwanafunzi ameandika "she told her", wote wawili wako sawa kwa kiwango kilekile, na kumkata mwanafunzi alama hapo ni kumwadhibu kwa jambo ambalo matini haikulisema. Unachoweza kudai ni uthabiti tu: jirani aliyeanza kuwa mwanamke asigeuke mwanamume kabla sentensi haijaisha.

Neno "shangazi" nalo limefunga jambo ambalo Kiingereza huliacha wazi. Kwetu shangazi ni dada wa baba, ilhali "aunt" inawabeba pia mama mkubwa na mama mdogo. Aliyeandika "aunt" amepoteza kidogo, lakini hicho ndicho kisawe cha kawaida, kwa hiyo apewe alama yake kamili. Aliyeandika "her father's sister" naye ni sahihi, hata kama sentensi imekuwa nzito. Aliyeandika dada wa mama amekosa maana, kwa sababu ameongeza habari ambayo Kiswahili kinaikanusha.

Sasa tufike mahali ambapo wanafunzi wengi huanguka, nao wasahihishaji huanguka pamoja nao. "Alifiwa" ni kauli ya kutendwa inayotokana na "fia", na mtu anayetajwa kuwa kiima ndiye aliyebaki hai. Neema amebaki, shangazi ndiye aliyeondoka. Kwa hiyo "Neema lost her aunt", "Neema's aunt died" na "Neema was bereaved of her aunt" zote zinakubalika, ingawa kisarufi hazifanani hata kidogo: ya kwanza ina kitenzi chenye yambwa, ya pili imemfanya shangazi kuwa kiima, ya tatu imebaki katika kauli ya kutendwa. Mwanafunzi anayeona "na" na kudhani ina maana ya pamoja huandika kwamba Neema amekufa pamoja na shangazi yake. Anayeichukua "na" kuwa ya mtenda huandika kwamba shangazi ndiye aliyemuua. Makosa yote mawili yanaweza kuandikwa kwa Kiingereza kisicho na doa, na hapo ndipo mkono wa msahihishaji aliyechoka huweka tiki.

"Hajarudi" na "hakurudi" si kitu kimoja. "Hajarudi" inaacha mlango wazi: anatarajiwa, ila bado. "She has not returned to work yet", "she is not back at work" na "she has yet to go back to work" zinalinda maana hiyo. "She did not return to work" inafunga mlango, na "she never returned" inaupigilia misumari. Neno "yet" lisipokuwepo, lakini njeo ikawa sahihi, usikate kitu.

Kuhusu "saa mbili asubuhi" hakuna mjadala: kwa Kiingereza ni saa nane kwa hesabu yao. Aliyeandika "two in the morning" amempeleka jirani barazani usiku wa manane, muda ambao sisi tungeuita saa nane usiku. Wapo wanaoliita hili kosa dogo la tarakimu. Mimi ninaliweka pamoja na makosa makubwa, kwa kuwa msomaji wa Kiingereza hana njia yoyote ya kuligundua.

"Juzi" ni siku moja kabla ya jana, lakini katika mazungumzo hulegea na kuwa siku chache zilizopita. Matini yako haikulazimisha mojawapo, hivyo "the day before yesterday", "two days ago" na "the other day" zipite, ila jana isipite. "Pole" ya msibani ni salamu ya rambirambi: aliyeandika "I am sorry for your loss" au "my condolences" ameielewa, na aliyeandika "sorry" pekee ameifikisha nusu, kwani neno hilo likikaa peke yake linaweza kusikika kama kuomba radhi. Aliyeandika kwamba jirani aliomba msamaha amebadili tendo zima. Katika sentensi ya mwisho, "ki" ya "alikitazama" pamoja na "cha marehemu" zinakifanya kiti kiwe kinachojulikana, kwa hiyo "a chair" inapungua. "Asiseme neno" hapa inaendeleza masimulizi. "Without saying a word" na "and said nothing" zinatosha, lakini aliyeandika kwamba hakupaswa kusema ameisoma dhamira kama katazo.

Linganisha sasa madaftari mawili ya aina utakazozikuta. La kwanza linaanza hivi: "Two days ago Neema passed away alongside her aunt, and she never went back to work. Her neighbour found her seated on the veranda at two in the morning." Kiingereza ni safi. La pili linaanza hivi: "The aunt of Neema is died the day before yesterday. She has not yet come back in the job. The neighbour get her at eight morning she is sit at the veranda." Kiingereza kinachechemea kila hatua, lakini kila jambo lililotokea limo, kwa mpangilio wake na kwa wahusika wake.

Tuseme zoezi lina alama 20. Tenga 14 za maana na 6 za lugha, na usizichanganye. Upande wa maana, kosa linalobadili tendo, mtendwa au wakati likate 4, linalopotosha kwa kiasi likate 2, na linalopunguza tu likate 1. Ngazi za namna hii hazikubuniwa darasani. Mtihani wa ithibati wa Chama cha Wafasiri cha Marekani hutoza kosa moja alama 1, 2, 4, 8 au 16 kulingana na madhara yake kwa msomaji. Daftari la kwanza linapoteza 4 kwa "alifiwa" na 4 kwa saa. Kwa "never went back" sikati tena, kwani ni mtoto wa kosa la kwanza: aliyemuua Neema hakuwa na namna ya kumrudisha kazini. Ikiwa yaliyobaki yako sawa, linapata 6 za maana na 6 za lugha, jumla 12. Daftari la pili, likiendelea vivyo hivyo, linapata 14 za maana na labda 2 za lugha, jumla 16. Ukisahihisha kwa kulinganisha na mwongozo au kwa kusikiliza utamu wa Kiingereza, matokeo haya yatapinduka.

Angalia pia kwamba daftari la kwanza linajipinga lenyewe: marehemu amekutwa amekaa barazani. Ukiona mgongano wa namna hiyo, rudi kwenye matini chanzi, kwa kuwa mahali fulani nyuma yake kuna neno lililosomwa vibaya. Kinyume chake, aliyeandika "the late's chair" amesema Kiingereza chetu cha Afrika Mashariki ambacho hakikubaliki katika maandishi rasmi, lakini amekielewa Kiswahili. Kosa hilo ni la upande wa lugha peke yake.

Ninachokereka nacho zaidi ni ile kanuni inayopitishwa katika semina na katika miongozo inayouzwa kwa kurasa za fotokopi, kwamba tafsiri nzuri ni ile inayosomeka kana kwamba haikutafsiriwa. Hicho ni kipimo cha matini lengwa, na anayekitumia peke yake hana haja hata ya kujua Kiswahili ili asahihishe. Ndugu yake ni ile njia ya mkato ya kupigia mstari maneno muhimu katika mwongozo na kuyahesabu katika kila daftari: "aunt" ipo, "work" ipo, "veranda" ipo, tiki tatu. Daftari lililomuua Neema lina maneno hayo yote matatu.

Mazoea haya hayaishii darasani. Nimewahi kuletewa tafsiri ya maelezo ya shahidi ili niipitie, na ndani yake mlikuwa na maneno "mtu aliyemjeruhi mlinzi". Kwa Kiswahili maneno hayo yanaweza kuwa na maana ya mtu aliyejeruhi, na yanaweza pia kuwa na maana ya mtu ambaye mlinzi alimjeruhi. Mfasiri alichagua mojawapo, akaandika Kiingereza kinachoteleza, na waliokuwa wameipitisha kabla yangu hawakusita popote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameufungua ukurasa wa Kiswahili. Ilibidi shahidi aulizwe upya. Tata ya namna hiyo ikitokea katika zoezi na muktadha usiitatue, kubali tafsiri zote mbili, na umwongezee alama aliyeandika pembeni kwamba sentensi ina maana mbili.

Kwa madaftari yako 46, sahihisha sentensi ya kwanza kwa wote, kisha ya pili kwa wote, badala ya kumaliza daftari moja baada ya jingine. Kila ukikutana na tafsiri mpya unayoikubali, iandike katika mwongozo wako, kisha urudi kwa wale uliokwisha kuwakata kwa tafsiri hiyohiyo. Anza na waliokatwa kwa ajili ya jirani mwanamke.