Nakala mbili za sura moja

"Msimamizi na mwenzangu wamehariri sura yangu ya zabibu za Dodoma, kila mmoja kwenye nakala yake. Nichape upya?"

Usichape, ndugu yangu. Tafuta kwanza faili la asili ulilowatumia wote wawili. Angalia hata kwenye barua pepe ulizotuma. Ukilinganisha nakala zao mbili bila asili, sentensi ya mashamba ya Hombolo aliyoongeza msimamizi inaweza kuonekana kama imefutwa na mwenzako. Utakubali ifutwe kumbe ni nzuri.

Kwenye Word nenda Review > Compare > Compare. Weka asili kwenye Original document, ya msimamizi kwenye Revised document, na "Msimamizi" kwenye Label changes with. Bofya More, ondoa tiki ya Formatting, la sivyo mabadiliko ya fonti yatafunika ya maneno. Hifadhi matokeo, kisha rudia kwa nakala ya mwenzako.

Sasa chagua Combine, uunganishe matokeo hayo mawili. Kila badiliko litabeba jina la mwenyewe. Ulikubali au ulikatae.

Penye sentensi waliyoigusa wote, maneno hugongana: "wakulima huvuna walivuna". Hapo soma kwa sauti, uamue mwenyewe. Aya iliyohamishwa nayo hukaguliwa sehemu zote mbili, isije ikabaki mara mbili.