Jibu: Sehemu za ziada kwenye Jira

"Fomu yetu ya kazi mpya ina sehemu 23 za kujaza, vijana wanalalamika. Nitajuaje zipi za kuondoa?"

Ndugu, usihesabu zilizojazwa tu. Sisi hapa Kampala, "Wilaya" ilionekana imejazwa kwenye kila kazi, kumbe Jira ilikuwa inaweka Kampala yenyewe, hata kwa kazi za Gulu na Mbarara. Tafuta waliochagua kitu kingine:

```
created >= -180d AND Wilaya != Kampala
```

Zilitoka kazi 4 kati ya 300 na ushee. Sehemu za lazima nazo zinadanganya: fungua kazi kumi uone. Sisi "Namba ya Gari" ilikuwa imejaa nukta na "xx", maana watu walitaka tu fomu ipite.

Ukishajua sehemu ya kuondoa, usiifute papo hapo. Itoe kwanza kwenye skrini ya kuunda kazi. Data za zamani zitabaki. Lakini kama ni ya lazima, iondolee ulazima kabla ya kuitoa, la sivyo fomu itagoma kuhifadhi, ikidai sehemu ambayo haionekani tena (mimi nilipigiwa simu asubuhi nzima). Mwezi ukipita bila mtu kuiulizia, na hakuna ripoti inayoitumia, ifute.