Naanzaje na kumalizaje imeili?

"Nimeanza kazi ofisini Dodoma, imeili ya mtu nisiyemjua naiandikaje, na ya mwenzangu wa siku zote?"

Usiyemjua muite Ndugu na jina lake, jina huna weka cheo, "Ndugu Mhasibu, habari za kazi", shikamoo acha kwanza maana umri wake huujui. Mwisho "Nakutakia kazi njema", jina lako kamili, cheo na namba ya simu. "Wako mtiifu" ni ya barua ya kuomba kazi bwana, ushaipata hiyo! Akikujibu bila Ndugu, na wewe legeza kidogo. Mwenzako wa siku zote "Mambo, ile ripoti vipi?" na "baadaye" inatosha kabisa, ila bosi akiwepo kwenye CC rudi kwenye Ndugu, manake na yeye anasoma.