Usisaini barua ya cheo isiyo na kiasi cha mshahara na tarehe yake

"Wakuu, nimepewa barua ya kupandishwa cheo kuwa msimamizi wa kitengo. Cheo kiko wazi, majukumu yamejaa ukurasa mzima, ila kwenye mshahara wameandika 'utarekebishwa ipasavyo'. Bosi anasema nisaini tu, hela inakuja. Nisaini? Na barua ya kukubali inaandikwaje?"

Weka kalamu chini kwanza. Sijakusalimia, najua, haraka ni ya kalamu.

Hilo neno "ipasavyo" nalijua vizuri mno. Barua yangu mimi iliandikwa hivi: "Cheo chako kipya kinaanza mara moja. Mshahara wako utarekebishwa baada ya taratibu za ndani kukamilika." Sentensi mbili, moja ina haraka, nyingine haina siku. Nikaisaini palepale ofisini kwa bosi, tena kwa kalamu yake, huku tukicheka. Usinicheke, cheo kilikuwa kimeshanipanda kichwani, hata kutembea nilikuwa nimeanza kutembea taratibu.

Kilichofuata ni hiki. Kesho yake nilikuwa nasimamia zamu, naidhinisha likizo za watu, nasaini mahitaji ya kitengo, na kazi zangu za zamani bado ninazo kwa sababu barua ilisema "pamoja na majukumu yako ya sasa". Mwisho wa mwezi mshahara ukaingia uleule. Nikauliza, nikaambiwa bajeti. Nikauliza tena, nikaambiwa bodi haijakaa. Kisha bosi akahamishwa, akaja mwingine, mtu mstaarabu tu, akaagiza faili langu. Ndani ya faili zile ahadi za mdomo hazikuwemo. Ilikuwemo barua, na saini yangu chini yake.

Mshahara ulirekebishwa hatimaye, lakini kuanzia siku ulipoidhinishwa, si siku nilipoanza kazi. Nilipodai malimbikizo ya miezi ya katikati, afisa utumishi alinigeuzia ile barua mezani, akapitisha kidole juu ya mstari mmoja mmoja mpaka chini palipoandikwa "Nimesoma na nimekubali masharti yote yaliyotajwa hapo juu". Akaniuliza, saini hii ni yako? Ningesema nini? Masharti yalisema mshahara unafuata taratibu, na taratibu ndiyo kwanza zimekamilika. Barua haikunidhulumu popote. Iliandikwa vizuri kabisa, kwa ajili yao.

Na yule bwana aliyekuwa bosi wangu, popote alipo, Mungu anamwona. Aliniambia "sisi ni ndugu, mambo ya tarakimu tuwaachie watu wa mishahara". Kulikuwa na mkongwe mmoja pia, eti mshauri wangu, aliyeninong'oneza kwamba ukiuliza hela siku ya kupewa cheo utaonekana mlafi. Yeye mwenyewe nilikuja kujua baadaye kwamba barua yake ilikuwa na kiasi mpaka senti ya mwisho. Mkuu, anayekwambia usiulize mshahara kwenye barua ya mshahara, muulize yake inasemaje.

Sasa sikiliza vizuri hapa kwenye tarehe, maana ndipo hela inapopotelea. Kwenye barua moja zinaweza kukaa tarehe tatu tofauti: tarehe barua ilipoandikwa, tarehe cheo kinapoanza, na tarehe mshahara mpya unapoanza. Wewe unataka hizo mbili za mwisho ziwe siku moja, na ziandikwe kwa siku, mwezi na mwaka. "Mara moja" si tarehe. "Hivi karibuni" si tarehe.

Chukulia mshahara wako wa msingi ni 100 na mpya utakuwa 130, na cheo kinaanza tarehe 1 Machi. Barua unaipata tarehe 20, na watu wa mishahara wameshafunga hesabu za mwezi tangu tarehe 15. Machi utalipwa 100, hilo halina ubaya, mfumo ndivyo ulivyo. Ila Aprili unatakiwa kuona 160, yaani 130 za Aprili na 30 za Machi zilizobaki. Barua ikisema "mshahara mpya unaanza tarehe 1 Machi", hizo 30 ni deni lao kwako. Ikisema "mshahara mpya utaonekana kuanzia malipo ya Aprili", umefanya Machi nzima kwa bei ya zamani na hakuna deni. Kwa mwezi mmoja unaweza kumeza. Lakini ukiachia "baada ya taratibu", miezi inaweza kuwa mingapi? Ndiyo hapo.

Mtego wa pili niliukanyaga palepale, maana mtu akianza kuteleza hachagui pa kuishia. Nyongeza yangu ilipokuja, haikuingia kwenye mshahara wa msingi. Iliingia kama "posho ya majukumu". Nikasema liwalo na liwe, hela ni hela. Si kweli. Mahali pengi kiwango cha saa za ziada kinapigwa kwa mshahara wa msingi, na mara nyingi malipo ya likizo, kiinua mgongo na nyongeza ya asilimia ya kila mwaka nayo ni hivyohivyo. Tuseme kampuni inatoa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi, na una miaka 8. Kwa msingi wa 130 unaondoka na 1,040. Kwa msingi wa 100 na posho ya 30 unaondoka na 800, ingawa kila mwezi mkononi ulikuwa unapokea 130 ileile.

Isitoshe, posho hufuata majukumu. Walipomgawia mwenzangu nusu ya kitengo, posho yangu ikakatwa kwa sentensi moja ya barua pepe. Kugusa mshahara wa msingi bila ridhaa ya mfanyakazi kwa kawaida ni kubadili mkataba, na waajiri wanaliogopa hilo. Posho hawaiogopi.

Uliza na hili kabla hujashangilia: je, cheo hicho kinakutoa kwenye malipo ya saa za ziada? Nchi nyingi haziwahesabii wasimamizi wa ngazi fulani. Kama sasa msingi wako ni 100 na saa za ziada zinakuingizia 25, halafu unapandishwa mpaka 120 bila saa za ziada, umepandishwa cheo kushuka chini. Nimewaona watu wa namna hiyo, na kadi zao za jina zinapendeza.

Kwa hiyo aya ya mshahara kwenye barua yako isomeke takriban hivi: "Kuanzia tarehe 1 Machi, mwaka fulani, utakuwa Msimamizi wa Kitengo, daraja fulani. Kuanzia tarehe hiyohiyo mshahara wako wa msingi utakuwa kiasi fulani kwa mwezi kabla ya makato. Tofauti yoyote itakayokuwa haijalipwa tangu tarehe hiyo italipwa kama malimbikizo. Masharti mengine ya mkataba wako yanabaki kama yalivyo." Hiyo sentensi ya mwisho usiidharau, ndiyo inayozuia likizo zako na miaka yako ya utumishi kuanza kuhesabiwa upya. Kama ni sehemu yenye viwango vya mishahara vilivyotangazwa, wanaweza wasitaje kiasi, wataje daraja na ngazi. Sawa, kiasi utakisoma kwenye jedwali. Lakini tarehe lazima iwepo.

Kuna wakati kweli hawawezi kutaja kiasi, bajeti haijapita na hawadanganyi. Hapo waombe barua ya kukaimu: unashika nafasi kwa muda, kwa posho inayotajwa, kuanzia tarehe hii mpaka tarehe ile. Muda ukiisha, wakuthibitishe au urudi kwako. Wakikataa hata hilo, basi wakubali ile sentensi ya malimbikizo. Wakikataa na hiyo, wamekwisha kukujibu.

Usidhani kutosaini peke yake kunakulinda. Ukiendelea kufanya kazi za cheo kipya kimyakimya, baadaye wanaweza kusema ulikubali kwa vitendo. Na bosi akikubana usaini leoleo, usigombane naye. Saini kuwa umeipokea, na juu ya saini andika kwa mkono wako: "Nimepokea barua hii leo. Nasubiri ufafanuzi wa mshahara na tarehe kabla ya kukubali." Weka tarehe, piga picha. Jioni hiyohiyo tuma barua pepe kwa utumishi, nakala kwa bosi, fupi tu:

"Nashukuru kwa barua ya kupandishwa cheo. Niko tayari kuikubali. Naomba irekebishwe itaje mshahara wangu mpya wa msingi, tarehe unapoanza, na kwamba tofauti tangu tarehe hiyo italipwa. Naomba pia kujua ni nani atapokea majukumu yangu ya sasa."

Hakuna ulafi humo, wala si kosa kuuliza hivyo. Niliyoandika mimi baada ya kuibiwa yalikuwa makali zaidi na hayakuniletea hata mia.

Hiyo ndiyo barua ya kukubali uliyouliza, au nusu yake. Wakishaleta iliyorekebishwa, ya kukubali haizidi mistari mitatu: unataja barua yao na tarehe yake, unataja cheo, mshahara na siku ya kuanza kama walivyoandika wao, unasema umekubali. Kurudia zile tarakimu ndiyo maana yake, ili karatasi mbili zilizo kwenye faili ziseme kitu kimoja. Hakikisha pia aliyesaini upande wao ana mamlaka ya kugusa mishahara. Msimamizi wako wa karibu anaweza kukupenda sana na asiwe nayo.

Majukumu yako ya ukurasa mzima sijayasoma, ila kama mstari wa mwisho ni "na kazi nyingine utakazopangiwa", karibu chamani, sote tunao.

Halafu hati ya mshahara wa kwanza ikitoka, usikimbilie jumla ya chini. Tafuta mstari wa mshahara wa msingi. Kama msingi ni uleule wa zamani na kiasi kilichoongezeka kimekaa kwenye mstari mwingine wenye jina la posho, rudi utumishi siku hiyohiyo, kabla hawajafunga hesabu za mwezi unaofuata.